Saa 2,080: Kupanga Kazi ya Mwaka Pale Mvua Inapoamua

Kapalamsenga, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, panajulikana kwa shaba. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, mawe huchimbwa na kusombwa kila siku. Mvua zikianza Novemba, shimo linajaa maji, lori linazama hadi ekseli, na watu wanasubiri chini ya turubai. Wakati huohuo mahindi ya mfanyakazi yanataka kupandwa, kisha kupaliliwa. Ndiyo sababu mkataba wa saa za mwaka unafaa sana mahali kama hapa: miezi ambayo mgodi hauna kazi ndiyo miezi ambayo shamba lina kazi. Ila usipoandikwa vizuri, unaweza kumwacha mfanyakazi na deni la saa ambazo hakuzijua.

Tuanze na sheria, maana wengi hukosea hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Kifungu cha 22 kinaruhusu saa zihesabiwe kwa wastani wa kipindi kirefu, kisichozidi mwaka mmoja. Sharti la kwanza ni kwamba ruhusa hiyo hupatikana kwa mkataba wa hali bora tu, yaani makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Karatasi mnayosaini ninyi wawili ofisini haitoshi, hata kama mmeridhiana. Sharti la pili ni kwamba wastani unashuka: saa za kawaida zisizidi 40 kwa wiki, si 45, na saa za ziada zisizidi wastani wa 10 kwa wiki. Mwajiri anapata uhuru wa kuzihamisha saa, na wafanyakazi wanapata wiki fupi zaidi. Kwa wachimbaji, chama kinaweza kuwa TAMICO au kingine cha sekta yao. Kinachotakiwa ni kiwe na wanachama walio wengi kati ya wafanyakazi wanaohusika. Mkataba ukishasainiwa, nakala yake ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi.

Sasa hesabu. Wiki 52 mara saa 40 ni saa 2,080. Likizo ya mwaka ni siku 28, yaani wiki 4, nayo inalipwa. Ihesabuni kama saa 160. Zinabaki saa 1,920 za kugawa katika wiki 48.

Tuchukue kikosi cha wasombaji chenye wiki 26 za kiangazi. Kila wiki wanafanya kazi siku 6 za saa 8, yaani saa 48. Jumla ni 1,248. Masika wana wiki 26 pia, lakini likizo ya wiki 4 inawekwa humo, mwanzoni mwa mvua wakati wa kupanda. Wiki 22 zinazosalia wafanye siku 4 za saa 7, yaani saa 28. Hizo ni 616. Ukijumlisha unapata 1,864, na zinabaki saa 56 ambazo hazijapangiwa siku. Ziacheni hivyo. Ni akiba ya mwajiri kwa ajili ya wiki ambayo jua limewaka katikati ya Januari na barabara imekauka. Mkataba useme atatoa taarifa siku ngapi kabla ya kuita watu, na useme kwamba akiba isiyotumika hadi mwisho wa mwaka inafutwa. Mfanyakazi alikuwa tayari kuitwa na mshahara wake umeshalipwa. Asizidaiwe mwaka unaofuata.

Mshahara unakuwa uleule kila mwezi, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Tuseme saa moja ni shilingi 4,000. Jedwali la sheria hiyo linageuza mshahara wa wiki kuwa wa mwezi kwa kuzidisha na 4.333, kwa hiyo 4,000 mara 40 mara 4.333 ni shilingi 693,280. Agosti atalipwa hiyo, Februari atalipwa hiyohiyo, na ada ya mtoto haitegemei mawingu.

Jambo ambalo ningelisimamia mezani kuliko yote ni tarehe ya kuanza mwaka. Mwaka ukianza Mei, mfanyakazi anatanguliza saa. Mwisho wa Oktoba amefanya saa 1,248 na amelipwa 1,040. Anadai saa 208, na akiondoka siku hiyo anastahili shilingi 832,000 juu ya haki zake nyingine. Mwaka ukianza Novemba, mambo yanageuka. Kufika mwisho wa Aprili amelipwa saa 1,040 lakini amefanya 616, ukiongeza likizo 160 ni 776. Daftari litasema anadaiwa saa 264, zaidi ya shilingi milioni moja. Akifiwa, akaugua au akapata kazi Mpanda mjini, anaondoka mikono mitupu. Anzeni Mei. Mwajiri atenge fedha za hizo saa 208 kwa kila mtu kuanzia mwezi wa kwanza, kwa sababu bei ya shaba ikianguka Oktoba na mgodi ukafungwa, madai yote yatakuja kwa mpigo.

Pili, saa za ziada. Ukimya wa mkataba huwapa wengine mwanya wa kusema ziada itajulikana mwaka ukiisha. Andikeni kwamba saa yoyote inayozidi zile za rosta ya wiki hiyo, kama haitoki kwenye akiba, ni ya ziada na inalipwa mwezi huohuo kwa mara moja na nusu, yaani 6,000 katika mfano wetu. Andikeni pia kikomo cha siku, saa 12 pamoja na ziada, ili wastani wa mwaka usiwe kisingizio cha kumweka dereva kwenye usukani usiku na mchana.

Tatu, siku asiyokuwepo kwa haki. Juma la Julai aliloumwa lihesabiwe saa 48 zilizopangwa, si 40 za wastani. Ukimwandikia 40 anabaki na pengo la saa 8, na atalifidia masika bila kujua limetoka wapi. Sikukuu ya umma iliyoangukia siku ya kazi nayo ipewe saa za rosta ya siku hiyo. Vivyo hivyo siku ambayo mtu amefika kwenye kibao cha mahudhurio saa 1 asubuhi akaambiwa pampu imeharibika, rudi nyumbani. Kiangazi hiyo ihesabiwe saa 8 kamili. Hatari ya pampu ni ya mwenye pampu.

Kuhusu daftari, kauntabuku inatosha. Kila mtu ukurasa wake, kila wiki mstari wake: saa zilizopangwa, saa zilizofanywa, saa za ziada zilizolipwa, akiba iliyotumika, na salio. Wiki ya kwanza ya Mei mstari utasoma 48, 48, 0, 0, halafu salio 8, kwa kuwa amefanya 48 na kulipwa 40. Wiki ya pili salio ni 16. Mfanyakazi atie saini kando ya salio kila mwisho wa mwezi na abaki na nakala, hata picha ya simu. Salio likikaa palepale kiangazi wiki mbili mfululizo, kuna saa hazijaandikwa. Ulizeni wiki hiyohiyo, wakati msimamizi wa zamu bado anakumbuka nani alikuwa kwenye lori lipi.