Msimbo wa Usalama Umebadilika: Je, Uhofu?

Umefungua WhatsApp, na katikati ya mazungumzo yako na mtu unayemfahamu kuna mstari mdogo ambao hakuuandika yeye wala hukuuandika wewe. Simu iliyo katika Kiingereza huandika "Your security code with", kisha jina la mtu huyo, kisha "changed". Wengine huupita bila kuusoma. Wengine huupiga picha na kuusambaza kwenye kikundi cha familia wakisema fulani kadukuliwa. Mara nyingi fulani huyo amenunua simu mpya tu.

Kilichobadilika ni nini

Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea. Ili hilo liwezekane, programu hutengeneza funguo zake yenyewe siku inaposajiliwa, na funguo hizo hukaa ndani ya simu. Hazimo kwenye laini. Ukiihamishia laini yako kwenye simu nyingine bila kusajili WhatsApp upya, hakuna kinachobadilika. Lakini ukiifuta programu na kuiweka tena, au simu ikianguka majini ukanunua nyingine, funguo mpya hutengenezwa. Hata ukirudisha mazungumzo ya zamani kutoka kwenye nakala uliyohifadhi, kinachorudi ni mazungumzo. Kufuli ni jipya.

Msimbo wa usalama ni tarakimu 60 zinazotokana na funguo zako na za mwenzako kwa pamoja. Kwa hiyo za upande mmoja zikibadilika, msimbo wa mazungumzo yenu nao hubadilika, na simu yako inakuarifu. Kuunganisha au kuondoa kompyuta kwenye akaunti kunaweza pia kuleta arifa hiyo.

Sasa lililo muhimu: arifa inajua kwamba funguo zimebadilika, ila haijui nani kazibadilisha. Mwenye namba akisajili simu mpya, unaona mstari uleule ambao ungeuona kama mwizi ndiye angeisajili namba hiyo kwenye simu yake. Ndiyo maana si busara kuhofu kwa sababu ya arifa peke yake, wala si busara kuipuuza moja kwa moja. Tazama kinachokuja baada yake.

Mfano wa kikoba

Chukua kikoba cha akina mama ishirini wenye kikundi chao cha WhatsApp. Jumamosi asubuhi, mweka hazina anapokea meseji ya kawaida yenye tarakimu 6. Dakika moja baadaye mwanachama mwenzake anamwandikia: "Dada, samahani, nimekosea nimetuma namba fulani kwako, hebu nirudishie." Anairudisha. Hajui kwamba anayeandika si mwenzake. Akaunti ya mwenzake iliibwa jana yake kwa njia hiyohiyo. Tarakimu 6 zile zilikuwa za kusajili WhatsApp ya mweka hazina kwenye simu nyingine, na meseji yenyewe ilionya asimpe mtu.

WhatsApp ya mweka hazina inajifunga. Wanachama waliowasha arifa wanaona mstari kwamba msimbo wake umebadilika. Mwizi hana mazungumzo ya zamani, kwa kuwa hayo yalibaki kwenye simu ya mwenyewe, lakini vikundi anaviona, na majina ya wanachama anayaona. Nusu saa haijapita, anaandika kikundini: "Jamani, laini ya kikundi ina tatizo. Marejesho ya wiki hii tumeni kwenye namba hii."

Hapo mambo mawili yamekutana: msimbo umebadilika, na pesa imeelekezwa kwingine. Kila moja lingekuja peke yake lingeweza kuwa na maelezo ya kawaida. Yakija pamoja, usitume hata shilingi mpaka umezungumza na mhusika.

Mpigie kwa simu ya kawaida, si kwa WhatsApp, maana simu ya WhatsApp itaita kwa mwizi. Katika mfano huu laini bado iko kwa mweka hazina, hivyo atapokea mwenyewe na kushangaa. Kuna wizi mwingine ambapo laini yenyewe imefanyiwa uhamisho kwa hila. Hapo hata simu ya kawaida itaita kwa mwizi, huku simu ya mwenye laini ikikosa mtandao kabisa. Kwa hiyo sikiliza sauti. Ikiwa hapokei, au anakata na kusema "niandikie tu," mtafute kupitia mumewe, jirani au mwanachama anayeishi naye karibu.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hukipita kwa haraka. Unapotuma kwa M-Pesa na huduma nyingine kama hizo, jina la mpokeaji hutokea kabla muamala haujakamilika. Lisome. Jina geni kwenye pesa za kikundi ni sababu tosha ya kusitisha.

Mweka hazina afanye nini

Afungue WhatsApp kwenye simu yake, aandike namba yake, aombe tarakimu 6 mpya na kuziweka. Mwizi hutolewa papo hapo. Kama mwizi alishaweka PIN, mweka hazina ataombwa namba hiyo asiyoijua na atasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo. Hata hivyo mwizi naye yuko nje. Katika siku hizo, wanachama waambiwe kwa simu. Ikiwa tatizo ni laini, aanze na kampuni ya simu, kwa sababu bila laini tarakimu 6 hazitamfikia.

Akirudi, wanachama wataona arifa ya pili ya msimbo kubadilika. Safari hii ni yeye, na mstari ni uleule.

PIN hiyo angepaswa kuwa ameiweka yeye kabla ya mwizi. Ipo kwenye Settings, Account, kisha Two-step verification. Ni tarakimu 6 unazochagua mwenyewe. Mwenye tarakimu za meseji bila PIN yako hawezi kuendelea papo hapo.

Kuhakiki msimbo

Kwa shangazi anayekutumia picha za harusi, kumpigia simu kunatosha. Kwa wakili na mteja wake, au mwandishi wa habari na mtoa taarifa, tunashauri msimbo uhakikiwe. Fungua mazungumzo, gusa jina la mwenzako, kisha Encryption. Utaona tarakimu 60 na mraba wenye vidoti. Mkiwa pamoja, mmoja aelekeze kamera kwenye mraba wa mwenzake. Mkiwa mbali, someaneni tarakimu kwa simu ya kawaida mkiwa mnatambuana sauti. Msitumiane kwenye mazungumzo hayohayo mnayoyahakiki, kwani kama kuna mtu katikati, ndiye atakayejibu kwamba zinalingana.

Zikilingana, mmeondoa shaka ya kwamba kuna mtu kati yenu. Simu ya mmoja wenu kushikwa na mtu mwingine aliyeifungua ni jambo ambalo tarakimu hizo haziwezi kulionyesha.

Ikiwa hujawahi kuona arifa hii, huenda imezimwa. Ingia Settings, Account, Security notifications, uiwashe. Kuizima hakuondoi ulinzi wa ujumbe wako. Unachokosa ni habari tu. Ukiwa na watu wengi kwenye vikundi utaziona mara kwa mara, hasa msimu wa watu kununua simu, na nyingi utazipita bila kufanya lolote.