Kisima Kilichotiwa Sumu

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yohana 7:45–52, Yohana 9, 2 Wafalme 14:25, Matendo 9:20–28, Kumbukumbu la Torati 19:15–18.

Fungu la kukariri: Mithali 18:13.

SABATO MCHANA

Mwaka 1864 kasisi wa Kanglikana wa Uingereza aliyeitwa Charles Kingsley aliandika katika gazeti moja la mwezi kwamba makasisi wa Roma hawajapata kuihesabu kweli kuwa fadhila, naye akamtaja John Henry Newman kuwa shahidi wa jambo hilo. Newman alikuwa kasisi wa Kanglikana kabla ya kujiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1845. Alipodai aonyeshwe mahali aliposema hivyo, mabishano yalikua, na mwishowe Kingsley akaandika kwamba tangu sasa atalitilia shaka kila neno ambalo Newman ataliandika.

Newman aliona mtego uliokuwa ndani ya sentensi hiyo. Akikaa kimya, amekiri. Akijibu, jibu lenyewe ni neno la mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa mwongo. Alikiita kitendo hicho kutia sumu visimani, kama jeshi linavyofanya ili adui asipate maji popote atakapochota.

Msomaji anaweza kutokubaliana kabisa na mafundisho ya Newman na bado akaona kwamba juu ya jambo hili alisema kweli. Juma hili tutachunguza jinsi kisima kinavyotiwa sumu, na jinsi mashaka ya haki yanavyotofautiana na sumu hiyo.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Swali la Nikodemo

Soma Yohana 7:45–52. Watumishi waliotumwa kumkamata Yesu walirudi mikono mitupu kwa sababu walikuwa wamemsikiliza. Je, Mafarisayo waliwajibu nini?

Hawakuuliza Yesu alisema nini. Waliuliza kama yuko yeyote miongoni mwa wakuu aliyemwamini, kisha wakasema kwamba makutano wanaomfuata hawaijui torati na wamelaaniwa. Hapo Yesu alihukumiwa kwa wasikilizaji wake. Ndipo Nikodemo, ambaye naye alikuwa Farisayo, akauliza swali moja la kisheria: je, torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua atendalo? Hakumtetea Yesu, alitetea utaratibu tu. Jibu alilopata lilikuwa swali kama yeye pia ametoka Galilaya. Sumu iliyotiwa kwa mmoja ilikuwa imemfikia na wa pili.

Kisha wakamwambia achunguze, ataona kwamba hakuna nabii atokaye Galilaya. Fungua 2 Wafalme 14:25. Nabii Yona, mwana wa Amitai, alitoka Gath-heferi, mji wa Zabuloni katika nchi ya Galilaya. Walimwamuru mwenzao achunguze jambo ambalo wao wenyewe hawakulichunguza. Hili ndilo tokeo la kwanza la sumu: anayeitia huamini kwamba amekwisha kujua, kwa hiyo haendi kutazama.

*Kwa nini Nikodemo aliulizwa habari za mahali alikotoka badala ya kujibiwa swali lake?*

JUMATATU: Maswali Yaliyofaa Kuulizwa

Soma Yohana 9:1–23. Kipofu tangu kuzaliwa amenawa katika birika la Siloamu naye anaona. Yaorodheshe maswali yote aliyoulizwa na watu mbalimbali.

Majirani walitaka kujua kama huyu kweli ndiye yule aliyekuwa akiketi na kuomba. Wengine walisema anafanana naye tu. Mafarisayo walimwuliza alipataje kuona. Baadaye waliwaita wazazi wake na kuwauliza kama huyu ni mwana wao, kama alizaliwa kipofu, na anaonaje sasa. Hakuna kosa katika maswali hayo. Mtu anayedai jambo kubwa, na anayetaka watu waliamini kwa neno lake, hana budi kukubali kuulizwa. Huenda si yeye. Huenda hakuwa kipofu. Wazazi ni mashahidi wanaofaa, nao walithibitisha mambo mawili waliyoyajua: ni mwana wao, na alizaliwa hivyo.

Hata kundi la Mafarisayo halikuwa na sauti moja. Katika fungu la 16 wengine walisema Yesu hashiki Sabato, na wengine wakauliza mwenye dhambi atawezaje kufanya ishara za namna hiyo. Huo ulikuwa mjadala wa kweli. Kwa hiyo hata neno “Farisayo” halipaswi kutumiwa kama sumu. Miongoni mwao walikuwako waliouliza vema.

Lakini fungu la 22 linaonyesha kisima kilikuwa kimekwisha kutiwa sumu. Ilikuwa imekubaliwa kwamba yeyote atakayemkiri Yesu kuwa ni Kristo atatengwa na sinagogi. Wazazi walisema walichokiona kwa macho, wakanyamaza juu ya mengine. Hofu ilikuwa imeupunguza ushahidi kabla haujatolewa.

JUMANNE: Shahidi na Hoja Yake

Soma Yohana 9:24–34. Mtu yule anaitwa mara ya pili. Mazungumzo yanaanza kwa tangazo gani?

Kabla hajafumbua kinywa, anaambiwa kwamba wakubwa wanajua kuwa Yesu ni mwenye dhambi. Anatakiwa akubali hukumu kwanza, kisha ndipo aseme. Anajibu kwa kubaki ndani ya mipaka ya anachokijua: kama ni mwenye dhambi, hajui, anajua alikuwa kipofu na sasa anaona. Katika fungu la 28 wanamshutumu kuwa ni mwanafunzi wa Yesu, kana kwamba kuwa upande wa mtu fulani ni jibu la kile alichokisema.

Angalia kwa makini mafungu ya 30 hadi 33. Hapa mtu huyu hatoi tena ushahidi, anatoa hoja. Mungu hawasikii wenye dhambi, bali humsikia amchaye. Jambo hili halijasikiwa kamwe. Basi, asiyetoka kwa Mungu asingeliweza kulitenda. Hoja hiyo ingeweza kupimwa na yeyote, hatua kwa hatua. Wangeweza kusema sehemu fulani si kweli, au kwamba mwisho haufuati mwanzo. Badala yake walimjibu kwamba alizaliwa katika dhambi, wakamtoa nje.

Hapa ndipo tofauti kuu ilipo. Mtu akisema, “Niaminini, nilikuwako,” basi ukweli wake, kumbukumbu yake na faida atakayoipata ni mambo ya kuulizwa, kwa kuwa neno lake ndilo nguzo ya dai. Lakini akitoa hoja, au akionyesha kitu ambacho wengine wanaweza kukitazama wenyewe, mahali alikozaliwa na rafiki zake havibadilishi kitu. Hoja nzuri hubaki nzuri hata ikitoka kinywani mwa ombaomba.

JUMATANO: Mashaka ya Haki huko Yerusalemu

Soma Matendo 9:20–28. Sauli alifika Yerusalemu akajaribu kujiunga na wanafunzi, nao wakamwogopa wasiamini kwamba yeye ni mwanafunzi. Je, walikuwa wanatia sumu kisimani?

Mashaka yao yalikuwa na mambo matatu ambayo sumu haina. Kwanza, yalisimama juu ya matendo yaliyojulikana: Sauli mwenyewe alikuwa ameliharibu kanisa katika mji huo, akiwaburuta waume kwa wake na kuwatia gerezani (Matendo 8:3). Pili, matendo hayo yalihusu jambo lenyewe lililokuwa mbele yao. Mtu aliyewahi kuwafunga waumini akisema kwamba sasa ni mmoja wao, mambo yake ya zamani yana uzito. Tatu, mashaka yao yaliweza kuondolewa. Barnaba alimchukua, akawaeleza mitume jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri kwa ushujaa huko Dameski. Dameski palikuwa na watu waliomsikia. Mitume walisikiliza, na tangu hapo akawa pamoja nao, akiingia na kutoka.

Linganisha na Kumbukumbu la Torati 19:15–18. Neno la shahidi mmoja halitoshi, na waamuzi wanaagizwa watafute kwa bidii. Torati haikuagiza shahidi aaminiwe bure, wala haikuruhusu azibwe mdomo.

*Barnaba angefanya nini kama wanafunzi wangesema kwamba lolote litakaloletwa kumtetea Sauli ni hila ya Sauli?*

ALHAMISI: Mabati Ishirini na Manne

Tuseme kanisa moja linajenga. Hesabu zinaonyesha kwamba mabati 120 yamelipiwa. Shemasi mmoja ameyahesabu juu ya paa akapata 96, na stoo hamna hata moja. Kabla hajasimama katika baraza la kanisa, mzee mmoja anasema kwa upole, “Ndugu, kumbukeni huyu ni rafiki wa yule aliyeondoka kwa ugomvi mwaka jana. Pimeni maneno yake.” Shemasi anasema mabati 24 hayapo, kisha anaongeza kwamba mhazini ameyauza.

Amesema mambo mawili, nayo hayapimwi kwa kipimo kimoja. La kwanza ni hesabu. Mwenye ngazi anaweza kupanda na kuhesabu, na urafiki wa shemasi hauongezi wala haupunguzi bati. La pili ni tuhuma juu ya mtu. Hapo, kama kuna kinyongo cha zamani, ni haki kudai uthibitisho zaidi, lakini si haki kukataa kuutazama.

Karani anaomba watu wawili waende kuhesabu na kuleta hati ya mwenye duka ya kupokelea mzigo. Wanakuta mabati 20 yameezekwa kwenye jiko la kanisa bila kuandikwa. Hati inaonyesha kwamba yaliletwa 116 tu, kwa hiyo duka bado linadaiwa manne. Hesabu ya shemasi ilikuwa sahihi, na tuhuma yake haikuwa ya kweli. Kama baraza lingekunywa sumu ya mzee, mabati manne yangepotea. Kama lingekunywa ya shemasi, jina la mhazini lingechafuka bure.

Si kila onyo la mapema ni sumu. Katika 2 Timotheo 4:14, 15 Paulo anamwonya Timotheo juu ya Iskanda mfua shaba, naye anataja alichotenda. Mzee yule angeweza kusema, “Ndugu huyu aligombana na mhazini, tuhesabu wenyewe.” Onyo hilo lingewapeleka watu kwenye paa. Alilolisema liliwaambia wasiende.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Soma Yohana 1:45–49. Nathanaeli naye aliidharau Nazareti. Alifanya nini ambacho wakuu wa Yohana 7 hawakukifanya?

2. Mhazini ana ndugu anayeuza saruji, naye anapendekeza saruji inunuliwe kwake. Undugu huo unalipa baraza sababu ya kufanya nini, na haulipi sababu ya kufanya nini?

3. Msemaji wa dini nyingine anatoa hoja juu ya tarehe fulani ya historia. Darasa lenu litaipimaje bila kwanza kuuliza yeye ni nani?

4. Kumbuka onyo ulilolitoa juu ya mtu kabla hajasema. Je, lilitaja tendo? Lilihusu jambo lililokuwa mezani? Na mtu huyo alikuwa na njia gani ya kulijibu?