Bonasi ya ushirika: nani alipe ushuru, chama au wewe?

Vijana wengi wanaopeleka maziwa kwa chama wananiuliza swali moja kila msimu wa mikutano mikuu: chama kimepata ziada, tugawane au tuiache ndani? Kawaida mjadala huwa ni wa njaa ya pesa upande mmoja na ndoto ya tanki jipya upande wa pili. Ushuru hautajwi kabisa mpaka mkaguzi wa hesabu aamke na kusoma tarakimu. Leo tuuanze huko huko kwenye ushuru, maana uamuzi wenu wa siku moja ndani ya ukumbi unaweza kumpa KRA pesa ambazo hamkulazimika kumpa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, kwa sababu sheria ya vyama vya ushirika hapa Kenya inatofautisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Bonasi ni sehemu ya ziada unayopata kulingana na biashara uliyofanya na chama. Ukipeleka lita nyingi, unapata nyingi. Gawio ni sehemu ya ziada unayopata kulingana na hisa zako. Mtu anaweza kuwa na hisa nyingi na asiwe na ng'ombe hata mmoja. Huyo atapata gawio, lakini bonasi hana. Na malipo ya maziwa ya kila mwezi si bonasi wala gawio. Hiyo ni bei, na kwa chama ni gharama kama mafuta ya lori.

Sasa chama. Kwa macho ya ushuru, chama cha ushirika cha kuuza mazao ni mlipaji kama kampuni, na kiwango ni asilimia 30 ya faida inayotozwa. Lakini kifungu cha 19A cha sheria ya ushuru wa mapato kinakipa chama kitu ambacho kampuni ya kawaida haina. Kampuni ikilipa gawio, inalipa kutoka kwa faida ambayo tayari imetozwa. Chama cha ushirika cha aina hii kinaruhusiwa kuondoa bonasi na gawio kwenye faida yake kabla ya kutozwa, kisha kinatozwa kwa kilichobaki. Wazo lenyewe ni rahisi: ziada ile ilitokana na maziwa yenu, chama kiliwashikia tu, kwa hivyo ikirudi kwenu inakuwa mapato yenu na nyinyi ndio mtaulizwa. (Hapa sizungumzii Sacco za mikopo. Hizo zina hesabu yake tofauti, msizichanganye.)

Kuna masharti, na hapa ndipo vyama vinaumia. Bonasi na gawio lazima viwe vimetangazwa kwa ajili ya mwaka ule, na viwe vimegawiwa wanachama kwa pesa au kwa agizo la kulipa pesa, yaani kama hundi. Soma tena hilo la pesa. Karatasi ya kusema "umeongezewa hisa" si pesa. Ahadi ya kulipa mambo yakiwa mazuri si pesa.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, lakini ukubwa wake ni wa chama cha maziwa cha kawaida. Kwa mwaka kimepokea lita 2,000,000 kutoka kwa wanachama. Baada ya kuwalipa bei ya kila mwezi, mishahara, umeme wa kupozea na lori, kimebaki na ziada ya shilingi 8,000,000. Tuseme, ili tusichoshane, kwamba faida inayotozwa ushuru ni hiyo hiyo milioni 8. (Kwa kweli huwa zinatofautiana kidogo, kwa sababu uchakavu wa mashine unahesabiwa na KRA kwa njia yake.) Hisa za wanachama zote pamoja ni shilingi 5,000,000.

Kamati inapendekeza bonasi ya shilingi 2.50 kwa lita, ambayo ni 5,000,000, na gawio la asilimia 10 ya hisa, ambalo ni 500,000. Jumla 5,500,000. Mkutano mkuu unapitisha, hesabu zimekaguliwa, pesa zinatumwa kwenye akaunti za wanachama. Chama kinaondoa 5,500,000 kwenye 8,000,000, kinabaki na 2,500,000 za kutozwa, na ushuru wake ni 750,000. Chama kinabaki na 1,750,000 mkononi kwa akiba na matengenezo.

Sasa mkutano ule ule, lakini mzee mmoja anasimama na kusema: tusigawane pesa, kila mtu aandikiwe bonasi na gawio lake kama hisa, tununue tanki. Watu wanapiga makofi. Kwenye kitabu kila mwanachama ameona kiasi chake, na anaamini amegawiwa. Lakini hakuna senti iliyotoka. Chama hakina cha kuondoa, kinatozwa milioni 8 nzima, na ushuru ni 2,400,000. Tofauti ni 1,650,000. Gawanya kwa lita milioni mbili: ni zaidi ya senti 80 kwa kila lita iliyopelekwa mwaka mzima. Kwa bei ya maziwa hiyo si kidogo. Watu wanagoma kwa senti 50.

Na tanki bado mnalitaka, sivyo? Basi fuateni hatua kwa mpangilio wake: lipeni kwanza kwa pesa, kila mtu akaunti yake ionyeshe, halafu anayetaka anunue hisa mpya kwa hiari yake, kwa risiti. Ni safari ndefu kidogo na wengine hawatarudisha, ndiyo maana kamati haziipendi. Lakini kulazimisha makato ya asilimia mia siku hiyo hiyo kunaifanya bonasi ionekane ni maandishi tu, na mkaguzi wa KRA akiuliza ushahidi wa malipo mtamwonyesha nini? Tahadhari hiyo hiyo kwa bonasi inayomalizwa juu kwa juu dhidi ya deni la chakula cha ng'ombe. Mlipe mtu, naye alipe deni lake, na njia zote mbili zionekane benki.

Tuje upande wako wewe mwanachama, maana ushuru haukupotea, umehama tu. Ukipokea bonasi, ni mapato ya shamba lako na inaingia kwenye ritani yako pamoja na mauzo ya maziwa, kisha unaondoa gharama zako halali. Gawio nalo linaingia. Hapa vijana wanakosea kwa sababu wamesikia kwamba gawio la hisa za kampuni hukatwa asilimia 5 na hadithi inaishia hapo. Gawio la chama cha ushirika kinachotozwa kwa kifungu hiki limetolewa waziwazi kwenye mpango huo. Kwa hivyo liandike.

Mtazame mama mwenye ng'ombe wawili. Amepeleka lita 5,000, bonasi yake ni 12,500, na kwa hisa za 5,000 amepata gawio la 500. Mapato yake mengine yote ya mwaka, baada ya gharama, ni 190,000. Akijumlisha anafika 203,000. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mwaka, na ana punguzo binafsi la 28,800 kwa mwaka. Asilimia 10 ya mapato yake ni 20,300, punguzo linaimeza yote, halipi kitu. Lakini zile 13,000 zake zingebaki ndani ya chama, zingetozwa asilimia 30, yaani 3,900, na hakuna mahali angeenda kudai arudishiwe. Chama hakina punguzo binafsi. Kinatoza fukara na tajiri sawa.

Halafu mtazame kijana mwenye ng'ombe 20 aliyepeleka lita 90,000. Bonasi yake ni 225,000, na kwa hisa za 40,000 ana gawio la 4,000. Mapato yake mengine baada ya gharama ni 900,000, kwa hivyo amevuka 388,000 ambapo kiwango cha asilimia 30 kinaanza. Kwa 229,000 hizo atalipa 68,700. Pesa zingebaki kwenye chama zingetozwa asilimia 30 vilevile. Kwake yeye ushuru ni ule ule popote pesa zilipo, isipokuwa zikibaki chamani si yeye anayepanga foleni kulipa. (Nimechukulia kwamba kijana huyu ameiandikia KRA kwamba hataki kuwa kwenye ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Aliyebaki huko hesabu yake si hii.)

Ndiyo sababu kwenye mikutano mingi wenye mifugo mingi ndio wanaoongea vizuri kuhusu kuacha pesa ndani, na wenye ng'ombe wawili hawajui kwa nini wanapoteza. Mimi maoni yangu ni kwamba chama chenye wanachama wadogo wengi kigawe sehemu kubwa kwa pesa na kiombe mtaji waziwazi. Lakini msigawe mpaka mfupa. Chama kisicho na akiba kitaenda kukopa tanki kwa riba, na akiba lazima itengwe kabla ya kuanza kuota bonasi.

Ukipewa kile kitabu cha hesabu zilizokaguliwa, usiishie kwenye ukurasa wa faida. Tafuta ukurasa wa hesabu ya ushuru uone kama bonasi na gawio vimeondolewa, na kiasi kiwe sawa na kilichopitishwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Kisha angalia orodha ya madeni ya chama. Ukiona "bonasi ya kulipwa" ya mwaka juzi bado imekaa pale, uliza: iliondolewa kwenye ushuru na haikulipwa? Hapo kuna madai yanayoweza kuja baadaye pamoja na faini na riba, na yatalipwa kutoka kwa maziwa ya mwaka huu. Angalia pia kama bonasi ilihesabiwa kwa lita. Nimeona orodha ambapo "bonasi" iligawiwa kwa hisa. Hilo ni gawio lililovaa jina lingine, na aliyepeleka maziwa mengi ameliwa.

Kwako binafsi, omba karatasi ya mwaka inayoonyesha lita zako, bei uliyolipwa, bonasi na gawio kila kimoja mstari wake. Ujumbe wa M-Pesa hautoshi, kwa sababu hausemi pesa ni za nini. Na wewe mwenye ng'ombe 20, siku bonasi inapoingia tenga theluthi moja kando kabla hujanunua mtamba. Ritani ya mtu binafsi ina mwisho wa tarehe 30 Juni, na mara nyingi bonasi inayokuja baada ya mkutano wa Machi au Aprili imeshageuka majani ya ng'ombe kufikia siku hiyo.