Usiku wa Jumanne ni upi?

Mei 2024 mama mdogo alinifuata nyumbani hapa Gendabi, simu mkononi. Binti yake anayeishi Unguja alikuwa amemkatia tiketi mbili: ya basi kutoka Katesh hadi Dar es Salaam, na ya boti ya kuvukia Zanzibar. Zote zilikuwa za Kiingereza. Ya basi iliandikwa "DEP 00:30", Jumanne tarehe 14. Nikamtafsiria hata bila kukaa: saa sita na nusu usiku, Jumanne. Hakuna neno nililokosea, na basi likamwacha.

Jumanne saa tano usiku tulikuwa stendi ya Katesh, mzigo umeshafungwa kamba. Wakala aliitazama simu, akatutazama sisi. "Mama, basi lako limepita jana."

Kwenye tiketi, siku hubadilika saa sita usiku. Kwetu usiku wa Jumanne ni ule unaofuata mchana wa Jumanne. Mzee wa pwani, ambaye siku yake huanza jua likizama, angeuelewa usiku huo sawasawa na tiketi, lakini mama mdogo si wa pwani. Zamani suala hili halikutusumbua sana, kwa sababu mabasi ya mikoani hayakuwa yakitembea usiku kucha mpaka yaliporuhusiwa Oktoba 2023. Sasa nikiona saa yoyote kati ya 00:00 na alfajiri, nataja siku mbili: "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne." Neno kuamkia ndilo linalookoa nauli.

Nauli ya basi ikawa imekwenda. Nikajipa moyo kwamba boti tutaisogeza mbele. Ilikuwa ya Jumatano saa moja asubuhi, na masharti yake yaliruhusu kubadilisha tarehe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia mama mdogo kwenye karatasi: "Unaweza kubadilisha kabla ya saa 24." Hapo ndipo nilipoona nimeandika kitu kisichoeleweka. Kabla ya saa 24 kupita tangu lini? Mtu anaweza kudhani amepewa siku nzima ya kubadilisha, kumbe maana yake ni kwamba mlango unafungwa siku nzima kabla ya boti kuondoka. Nilihesabu nyuma kwa vidole: saa 24 kabla ya Jumatano saa moja asubuhi ni Jumanne saa moja asubuhi. Sisi tulikuwa Jumanne saa tano usiku. Tulikuwa tumechelewa kwa saa kumi na sita.

Tangu siku hiyo sitafsiri idadi ya saa. Naihesabu mwenyewe, kisha naandika siku na saa yenyewe: "Mwisho wa kubadilisha ni Jumanne saa moja asubuhi. Ikipita hapo, pesa imepotea."

Nimeacha pia kuandika "tiketi hairudishwi" na kuishia hapo. Msomaji akiona hivyo hudhani hawezi kufanya lolote, hukata tamaa na kuacha tarehe ipite. "NON-REFUNDABLE" inazungumzia pesa tu: hutarudishiwa nauli. Kubadilisha tarehe ni sharti jingine, na kumpa mtu mwingine asafiri kwa tiketi yako ni la tatu. Nayasoma yote matatu mbalimbali, nikimjibu kila moja kwa ndiyo au hapana. Kama tiketi iko kimya kuhusu moja, namwambia iko kimya na tunampigia wakala.

Mzigo ni rahisi zaidi, ila kilo hazina maana kwa mtu asiye na mizani. Kwenye mabasi ya mikoani LATRA inampa mtu mzima kilo 20 bila kulipia. Gunia la mahindi la kilo 100 hutoka debe sita, kwa hiyo debe moja ni karibu kilo 17. Mama mdogo nilimwambia: debe moja la mahindi na kanga zako, basi. Alielewa papo hapo, na mfuko wa maharage akaurudisha ndani. Boti ina kiwango chake, kwa hiyo ukiwa na tiketi mbili fungasha kwa kufuata ile yenye kilo chache, la sivyo utalipia njiani.

Mwezi uliofuata mama mdogo alikatiwa tiketi nyingine ya basi, tena ya usiku. Safari hii nilimwandikia, kisha nikamwomba anieleze mwenyewe atafanya nini. Akaiweka karatasi mezani bila kuitazama.

"Jumatatu nikishakula cha jioni, silali."

Nikajua nimetafsiri.