Dondoo muhimu: Derivativu ya 13 bila kutokwa jasho

Umepewa f(x) = x³ sin(x²), nawe unatakiwa utafute derivativu yake ya 13 pale x = 0. Usianze kuinyambua: kila hatua huzaa vijisehemu vipya, na kosa dogo la alama ya kutoa litakufuata hadi mwisho. Andika badala yake mfululizo unaoujua:

sin u = u − u³/6 + u⁵/120 − …

Weka x² mahali pa u, kisha zidisha kila kijisehemu kwa x³:

f(x) = x⁵ − x⁹/6 + x¹³/120 − …

Katika mfululizo wa Maclaurin, kizidishi cha xⁿ ni derivativu ya n kwenye sifuri ikigawanywa kwa n!. Kwa hiyo rudisha kilichogawanya: 13!/120 = 51,891,840.

Wengi hujikwaa hapa. Wanaona 120 ni 5!, wanazidisha kwa 5! na kupata 1. Hiyo 5! ni ya sin u. Faktoria ya kuzidishia hufuata kipeo cha x baada ya kila kitu kupangwa, yaani 13.

Derivativu ya 12 je? Hakuna x¹² kwenye mfululizo, basi jibu ni 0. Hilo halihitaji hesabu, kwani kitendakazi hiki ni witiri.

Ukiulizwa kuhusu x = 1, vizidishi hivi havikusomei jibu moja kwa moja; itabidi uandike mfululizo mwingine wa vipeo vya (x − 1).