Chama au upatu? Fuata pesa inakotoka

Umeongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama. Anayekualika ni mtu unayemjua, pengine shemeji au mama mnayesali naye. Anakwambia ni chama cha kuinuana: unatuma 5,000 mara moja, zamu yako ikifika unapokea 40,000. Kuna skrinshoti za ujumbe wa pesa zilizoingia, na mara nyingi ni za kweli. Wa kwanza hulipwa kweli, ndiyo maana wanaalika wengine bila kuwa na nia mbaya.

Kabla hujatuma, uliza swali moja tu: kama hakuna mtu mpya atakayeingia kuanzia leo, pesa ya kumlipa anayefuata itatoka wapi?

Kwenye chama cha kuzungushiana pesa jibu ni rahisi. Mko kumi, kila mmoja anatoa 2,000 kwa mwezi, mmoja anabeba 20,000. Baada ya miezi kumi kila mtu ametoa 20,000 na amepokea 20,000. Hakuna faida, na hakuna aliyeahidiwa faida. Faida yake ni kupata pesa kwa mkupuo. Orodha ya zamu inajulikana tangu siku ya kwanza, na hakuna haja ya mama wa kumi na moja.

Sasa tuangalie kile cha 5,000. Kina watu 15: mmoja katikati, wawili wanaomfuata, wanne, halafu wanane wa nje. Wale wanane ndio wanaotoa pesa, na 5,000 mara nane ndiyo ile 40,000 ya aliye katikati. Akishalipwa anatoka, na kikundi kinagawanyika mara mbili. Kila nusu inatafuta wanane wapya.

Tuseme wewe ni mmoja wa wale wanane wa kwanza. Ili ufike katikati, lazima waingie watu 16, halafu 32, na ili ulipwe wewe na wenzako saba, waingie 64 wengine. Hao ni watu 112 wapya. Na wale 64 wa mwisho, ili nao walipwe, wanahitaji watu 896. Mtaa mzima hautoshi.

Kikisimama hapo, mlipowapokea wale 64, jumla ya waliotoa pesa ni 120, yaani shilingi 600,000. Waliopokea ni 15. Saba kati yao ni waanzilishi ambao kwa kawaida huwa hawajatoa hata shilingi, na wamebeba 280,000. Wale wanane wa kwanza wamelipwa. Waliobaki, 112, wamepoteza zote. Na hakuna aliyekimbia na kapu la pesa. Hesabu yenyewe imefika mwisho, ndiyo maana hata mwenye kikundi ataapa kwamba hajaiba.

Kikivaa nguo ya biashara

Kuna vingine havisemi "zawadi", vinasema "tunauza bidhaa". Unanunua paketi ya mafuta au sabuni kwa 5,000 ndipo uwe mwanachama. Iulize bei ya kitu kama hicho dukani. Ikiwa ni 800, basi ile 4,200 nyingine si ya sabuni. Halafu tazama wanachozungumza kwenye kikundi: ni wateja, au ni "umeleta wangapi wiki hii"? Mfanyabiashara wa kweli huuza kwa mtu asiyetaka kujiunga na chochote.

Usitulizwe na cheti pekee. Kikundi kinaweza kusajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, lakini usajili huo si leseni ya kupokea akiba za umma. Sako zinazopokea akiba husimamiwa na SASRA, benki na Benki Kuu.

Angalia pia pesa inaingia wapi. Chama kilichojipanga huwa na akaunti ya jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja. Huku unapewa namba ya simu ya mtu, inabadilika kila wiki, na unaambiwa useme ni zawadi. Neno hilo linatumika ili baadaye isionekane ulikuwa unawekeza.

Kama umeshatuma, jua kwamba huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa aliyekosea namba. Wewe ulituma kwa kupenda, kwa hiyo usiitegemee. Usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo. Peleka vyote kituo cha polisi au DCI, na mwambie aliyekualika asimame kualika, kwa sababu wale wanane wake ndio watakaomdai yeye kwanza.