Risiti Si Hati: Kuisoma Atestasiyo Fiskali ya Lubumbashi

Katika maofisi ya Lubumbashi karatasi hii inaitwa atestasiyo fiskali. Mwanafunzi wa tafsiri akiombwa kuieleza kwa mfanyabiashara, mara nyingi husema ni "hati ya kulipa kodi". Jina hilo linaeleweka haraka, lakini linapotosha, na upotofu wake una gharama. Mfanyabiashara anayelisikia anadhani kwamba mwenye risiti zote tayari ana haki ya hati. Sivyo.

Risiti, au bordero ya benki, inashuhudia tendo moja: fulani ameweka kiasi fulani, siku fulani, kwenye akaunti ya hazina. Hati inashuhudia hali: kwamba siku ilipotolewa, kituo cha kodi kilifungua faili ya nambari fulani ya mlipa kodi na hakikukuta deni linalodaiwa wala tangazo lililokosekana. Tangazo ndilo waandishi wa Kifaransa wanaloliita deklarasiyo, yaani fomu ambayo mfanyabiashara mwenyewe anaeleza ameuza nini na anadaiwa nini. Kwa hiyo "hati ya kutodaiwa kodi" ni tafsiri bora kidogo, ingawa nayo haitaji upande wa matangazo. Mpaka tupate neno bora, tuitumie hiyo.

Anayeitoa kwa kodi za taifa ni Kurugenzi Kuu ya Kodi, DGI, iliyoundwa mwaka 2003. Kampuni za kadiri zinashughulikiwa na Kituo cha Kodi, CDI, na biashara ndogo na kituo kiitwacho CIS. Maombi hupelekwa kwa barua kwenye kituo kinachoshika faili ya kampuni, si kwenye kituo kilicho karibu na duka.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayojulikana. Mama mmoja ana karakana ya kutengeneza pampu za maji za migodi. Alianza kwa jina lake binafsi, na nambari yake ya kodi ni ya mtu binafsi. Mwezi wa Januari alifungua kampuni, SARL, akaandikishwa RCCM, na kampuni ikapewa nambari yake mpya. Mauzo yake yanapita faranga 80,000,000 kwa mwaka, hivyo anatoza TVA, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2012 kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16.

Mwezi wa Machi kampuni ilitoa fakitire ya faranga 10,000,000 bila kodi. TVA juu yake ni 1,600,000. Mwezi huohuo ilinunua vipuri na kulipa TVA ya 900,000, ambayo sheria inairuhusu kuikata. Inabaki 700,000, na tangazo pamoja na malipo vinatakiwa si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tarehe 12 Aprili tangazo likawekwa kwa nambari ya kampuni, lakini karani aliyekwenda benki alikuwa na bordero za zamani, akajaza nambari ya mama mwenyewe. Mwezi wa Mei hakukuwa na kazi yoyote. Hakuna fakitire, hakuna TVA, na hakuna aliyefikiri kupeleka fomu.

Mwezi wa Septemba mgodi unatangaza zabuni. Kampuni inaomba hati, inanyimwa. Mama anashangaa, kwa sababu faranga 700,000 amezitoa mfukoni na bordero anayo mkononi. Hasemi uongo. Fedha zimefika hazina, ila zimekaa kwenye faili nyingine. Katika faili ya kampuni kinachoonekana ni tangazo la 700,000 lisilo na malipo, na deni hilo linazaa riba ya kuchelewa. Na pale palipotakiwa fomu ya Mei pana tundu. Mwezi usio na mauzo nao hutangazwa: fomu inapelekwa na neno "NÉANT", yaani hakuna. Isipopelekwa, ofisi haiwezi kujua kama hakukuwa na kazi au kazi imefichwa, na sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003 inairuhusu ikisie kodi yenyewe baada ya kumwita asiyetangaza.

Dawa ipo. Kwa kosa la kwanza ni barua ya kuomba malipo yahamishiwe kwenye faili sahihi, pamoja na nakala ya bordero na uthibitisho wa nambari zote mbili. Kwa la pili ni fomu iliyochelewa na adhabu yake. Lakini barua inasomwa na watu, inapita meza kadhaa, na zabuni ina siku ya kufunguliwa bahasha. Ndiyo maana mhasibu anayejua kazi haombi hati wiki ya zabuni. Anakwenda kituoni mapema, anaomba aone hali ya faili, kisha analinganisha mwezi kwa mwezi na makaratasi yake.

Kwa nini mgodi, ambao si serikali, unajali deni la mtu kwa serikali? Jibu liko kwenye chombo kimoja cha sheria hiyohiyo ya 2003: ilani kwa mtu wa tatu anayeshika mali ya mdaiwa, ambayo kwa Kifaransa hufupishwa ATD. DGI ikiwa inadai kampuni, inaweza kumwandikia yeyote anayeshika fedha za kampuni hiyo, na huyo analazimika kuzilipa hazina. Benki inashika akaunti yake. Mgodi unashika bei ya pampu ambayo haujalipa bado. Wote wawili wanaweza kupokea ilani hiyo.

Ukiliona hilo, maswali ya benki yanaacha kuonekana ni usumbufu. Benki inayotoa mkopo inategemea kwamba fedha zitakazoingia kwenye akaunti zitarudisha mkopo. Kukiwa na deni la kodi, ilani inaweza kuifagia akaunti hiyo usiku wa kuamkia siku ya marejesho. Mgodi nao hautaki fundi ambaye fedha zake zitakamatwa katikati ya kazi, akashindwa kununua vipuri. Kwa zabuni za serikali sababu ni nyepesi zaidi: sheria ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 haimkubali mshindani asiyetimiza wajibu wake wa kodi.

Kuhusu leseni, majirani zetu wanaonyesha wazi zaidi. Tanzania mwombaji wa leseni ya biashara hutakiwa kuonyesha hati kutoka TRA. Kenya hati ya KRA huombwa kwa mtandao wa iTax, hudumu miezi 12, na hutakiwa kwa zabuni na kwa leseni kadhaa. Hapo hofu ya ilani haihusiki. Leseni ni mlango ambao mfanyabiashara lazima aupitie, na serikali imemweka mkusanya kodi mlangoni. (Kwa wanaisimu: Mkenya ataiita karatasi hiyo ya ushuru, Mtanzania ya kodi, kwa kuwa Tanzania "ushuru" ni zaidi tozo za forodha na za sokoni. Mfasiri wa Lubumbashi achague neno kwa kumtazama msomaji wake.)

Hati ya DGI ina mpaka pia. Haisemi lolote kuhusu forodha, ambayo ni ya DGDA, wala ada za serikali zinazosimamiwa na DGRAD, wala michango ya wafanyakazi kwa CNSS. Kodi ya jengo na ya pango la nyumba ni za jimbo, na kwetu hukusanywa na DRHKAT. Mama wa pampu akiwa anadaiwa kodi ya jengo la karakana yake, hati ya DGI inaweza kutoka safi kabisa. Kwa hiyo tangazo la zabuni likitaja hati kadhaa mfululizo, mfasiri asizifupishe kuwa "hati za kodi". Kila moja inaombwa kwa ofisi yake, na tarehe ya kila moja itasomwa peke yake.